Hadithi fupi: Nilisema "ametangulia", wakaanza kukusanya mizigo

NesiWaUsiku
Habari za jioni wana jukwaa. Niko Nairobi miaka kadhaa sasa, wodi ya wazazi, hospitali sitaitaja. Hadithi hii ni ya kabla sijahamia huku, mwaka uliofuata ule mgomo mrefu wa wauguzi wa 2017. Naiandika kama hadithi kwa sababu nikiiandika kama ripoti nitaishia kuandika presha na mapigo ya moyo, na hayo nilishayaandika kwenye faili. Mambo ya wenyewe nimeyageuza kidogo wasitambulike. Nitaitoa vipande vipande nikipata nafasi, na mwisho nina swali.

Kituo kilikuwa bara ya Pwani, kilomita 52 za murram hadi hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Usiku tulikuwa wawili tu, mimi na mlinzi, mzee mmoja aliyejua kila kitu kinakaa wapi kuliko mimi. Umeme ukipotea, yeye ndiye alikuwa taa yangu.

Yule mama aliletwa saa mbili usiku kwa pikipiki, mavyaa wake nyuma akimshikilia kiunoni. Mimba ya nne. Saa nne na robo akajifungua msichana wa kilo 3.4, akalia papo hapo. Nikamdunga mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 kwenye paja kabla dakika haijaisha. Kondo la nyuma likatoka, nikaligeuza chini ya taa, zima halikukatika mahali.

Ila mji wa mimba ulikuwa laini. Aliyewahi kuushika baada ya mama kujifungua anajua unavyotakiwa kuwa, mgumu chini ya kiganja kama dafu. Huu ulikuwa kama donge la chapati lililozidi maji. Nikiusugua unakaza, nikiondoa mkono unalegea. Na damu haikuruka kama watu wanavyodhani. Ilikuwa inatiririka tu, polepole, haisimami. Leso ya kwanza, leso ya pili, kisha nikavuta beseni.

Nikamwomba mavyaa atoke. Nilimfungia mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, chini ya buibui.

MwanaKayole
Nangojea hapa. Usituache kama wale wa "itaendelea" halafu wanapotea mwaka mzima.

Kijana_wa_Githurai
Sista, hii ni hadithi ama ni ukweli? Nataka kujua nisome nikiwa nimekaa ama nimelala.

NesiWaUsiku
Kaa.

Nilimtia dripu mbili, mkono huu na huu, nikaweka oksitosini nyingine ndani ya chupa. Traneksamiki gramu moja, dawa ya kusaidia damu igande, ambayo huingizwa taratibu kwa dakika kumi, nami nikizihesabu kwa saa ya ukutani huku moyo unataka niisukume yote mara moja. Nikatoa mkojo kwa mpira, maana kibofu kikijaa huuzuia mji usikaze. Kisha mkono mmoja ndani nimekunja ngumi, mwingine juu ya tumbo, nikaubana mji katikati. Ukishakaa hivyo huna mkono wa simu. Mlinzi aliishikilia sikioni mwangu, uso wake ameugeuzia ukuta kwa kumstahi yule mama.

Gari la rufaa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Lirudi, lijaze mafuta, lije, saa moja na nusu mvua ikikubali. Nikamwambia mlinzi akawaambie wenyewe walio barazani kwamba gari linakuja, litapakilia mlango wa nyuma.

Mama aliongea nami muda mrefu. Aliuliza mtoto amenyonya? Akaomba maji. Akaomba nimpepee. Kisha akaanza kugeuka huku na huku kitandani kama mtu anayetafuta kitu kilichomwangukia, na hapo nilijua, kwa sababu presha ilikuwa imeshakataa kusomeka. Baadaye nilibonyeza kifua, mlinzi akikamua mfuko wa hewa nilivyomwonyesha palepale.

Saa nane na dakika kumi nilisikiliza moyo dakika nzima. Nikammulika macho kwa tochi. Nikasikiliza dakika nyingine, kwa kuwa mvua ilikuwa juu ya mabati na nilijiambia huenda ni mvua inayonizuia.

MamaWawili
Ee Mungu. Nimesoma nikiwa kwenye matatu, dereva ameniuliza kama niko sawa.

NesiWaUsiku
Nikavua aproni, nikanawa hadi viwikoni. Nikamfuta mdomo, nikamfunika hadi kifuani, uso nikauacha wazi ili watakaoingia wamkute mtu wao. Nikadhani niko tayari kutoka. Viatu sikuvitazama.

Barazani walikuwa wanne: mume, mavyaa na mtoto kifuani, mdogo wake marehemu, na yule wa pikipiki, ambaye hakuwa na undugu nao lakini hakuna aliyemwambia aende. Mlinzi alikuwa amevua kofia yake ameishika mbele ya tumbo. Mavyaa aliiona ile kofia kabla hajaniona mimi.

Chuoni tulifundishwa kuketi. Nilikumbuka, ila benchi lilikuwa limejaa na sikutaka kumwinua mtu. Nikasema nikiwa nimesimama: "Baba, poleni sana. Nimejitahidi kadiri nilivyoweza, lakini mama ametangulia."

Mume akainuka. Akasema, "Alhamdulillahi." Akamgeukia wa pikipiki: "Washa, tulifuate." Akaanza kukunja mkeka, akamwambia shemeji yake achukue termosi na beseni. Kisha akaniuliza, "Limeondoka saa ngapi, sista? Kwa mvua hii hatukulisikia."

Sijui nilisimama muda gani. Mavyaa alikuwa ananitazama miguu. Malapa yangu yalikuwa meupe usiku ule ulipoanza.

Nikapiga magoti. Msidhani ni mafunzo, ni miguu iliyokataa. Nikaushika ule mkeka upande wa pili, naye ameushika upande wake. Nikasema, "Baba, gari halijafika. Mke wako amefariki. Amefariki humu ndani, sasa hivi. Damu ilimtoka nyingi baada ya kujifungua na sikuweza kuizuia."

Mavyaa akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaitikia salamu. Mdogo mtu ndiye aliyelia. Mume aliuvuta mkeka mkononi mwangu, akaendelea kuukunja hadi ukaisha, akaukalia.

Sasa swali. Siku mbili kabla, umeme ulikatika asubuhi ukarudi usiku, na ile oksitosini ilikuwa kwenye friji ya kituo, ya umeme huo huo. Alfajiri mume aliniuliza, "Dawa haikumkubali?" Nikajibu, "Haikumkubali." Habari za friji sikumwambia. Nilipaswa kumwambia usiku ule?

Wakili_wa_Mtaani
Kwanza pole. Pili, kosa lako lilianza mapema. Nesi hana ruhusa ya kutangaza kifo. Ni daktari. Ungesema "hali ni mbaya" ukangoja mkubwa wako afike.

Kijana_wa_Githurai
Futa huu uzi kabla hujashtakiwa manze. Watu wa hiyo familia wanaweza kuwa humu.

Mkunga_Mstaafu
Nilizalisha miaka 31, ishirini yake usiku, kwa hivyo mnivumilie nikiandika marefu.

Wakili, una nusu ya neno. Kuandika sababu ya kifo kwenye fomu kuna wenyewe. Lakini mume ameketi mita tano kutoka kwenye maiti ya mkewe, na mtu pekee mwenye habari ni huyu binti. Mkubwa wake yuko kilomita 52. Umwache barazani saa mbili akiamini mkewe yu hai, anapiga simu kwa ndugu watafute pesa za hospitali, na mlinzi amevua kofia? Hiyo "hali ni mbaya" uliyoisema ni uongo, na akija kuijua saa aliyokufa atahesabu mwenyewe ulimdanganya muda gani.

Sasa binti yangu. Zipo hatua sita ambazo madaktari wa Houston na Toronto walizichapisha mwaka 2000, na vyuo vingi vinazifundisha: tayarisha mahali, uliza wanajua nini, uliza wanataka kujua kiasi gani, sema, pokea hisia zao, panga kinachofuata. Nzuri. Ila ziliandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa saratani aliyepewa miadi, ana kiti, na mlango unafungika. Usiku wa bara unabakiwa na mbili au tatu tu. Mimi nilizishika hivi.

Ya kwanza, uliza. "Baba, mpaka sasa mmeambiwa nini?" Ungeuliza hilo angekujibu, "Tumeambiwa gari linakuja," na hapo hapo ungejua neno "ametangulia" linaenda kugongana na lile gari. Mavyaa alikuwa ameona beseni. Mume wa marehemu hajaona kitu, yeye anajua amezaliwa mtoto na gari li njiani. Ulikuwa na watu wawili walio mahali tofauti kabisa, ukawapa sentensi moja.

Ya pili, tanguliza onyo fupi. "Nina habari mbaya." Nyamaza, hesabu tatu kimoyomoyo. Mtu hujifunga kibwebwe katika hizo tatu. Ukiunganisha onyo na "nimejitahidi kadiri nilivyoweza", sikio lake linashika jitihada zako na si habari yake.

Ya tatu, neno lenyewe. Ulilipata mara ya pili.

BinMvita
Hapo kwenye neno niruhusuni, maana ndiyo lugha yetu. "Ametangulia" si kosa, limekatwa tu. Sisi husema "ametangulia mbele ya haki", na angelitimiza lote hakuna mswahili angelifikiria gari. Tatizo la watu wa Nairobi ni kukata maneno. "Amekufa" kwa binadamu ni kavu mno, mavyaa angekuchukia maisha. "Amefariki" ndiyo ya adabu na ya wazi.

Tena watu hawajui kwamba hata kufariki lilianza kama neno la kupozea. Linatokana na Kiarabu, maana yake kutengana, kuachana. Ila limezoeleka kwa kifo hadi hakuna tena anayesikia kuachana ndani yake. Labda "ametangulia" nalo litafika huko siku moja.

Mkunga_Mstaafu
BinMvita, kwa mtu wa Mvita sawa, ashasikia hiyo "mbele ya haki" tangu utotoni. Mimi nilifanya kazi Machakos, Narok na hapa Nairobi, na kila mahali nilikuta Kiswahili cha mtu ni lugha yake ya pili au ya tatu. Saa nane usiku, na hofu, anashika neno moja katika kumi. "Tumempoteza" nimeshaulizwa "amepotelea wapi, wodi gani?" "Amepumzika" ndiyo mbaya kuliko zote, mtu anakuambia "wacha alale basi, tusimsumbue". Wodini mwangu wanafunzi niliwaruhusu maneno mawili: amefariki, na ukiona hajaelewa, amekufa. Kama kavu, na iwe kavu.

BinMvita
Amekufa hapana. Tutofautiane hapo.

MwanaKayole
Nyinyi mnabishana neno gani, sisi hatukupewa hata moja. Mzee wetu alikuwa amelazwa hapa hapa jijini. Niko kwenye matatu Jogoo Rodi asubuhi, simu inalia, mama mmoja ananiuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Unaweza kuja na kitambulisho cha mzee na uje na mtu mzima wa nyumbani?" Nina miaka 34. Mtu mzima ni nani tena? Nikauliza, "Ameamkaje?" Akasema, "Njoo tu, tutaongea." Nikashuka Barma nikatembea, sijui kwa nini sikupanda gari lingine. Nilipofika kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kuniambia baba yangu amekufa. Niliambiwa na shuka.

Mkunga_Mstaafu
MwanaKayole, pole mwanangu. Huo wa kitambulisho umeenea sana, na anayepiga huona anakulinda usianguke barabarani. Lakini sauti ilishakuambia, ikakuacha peke yako na kazi ya kukisia. Kwa simu mimi huuliza kwanza uko wapi na uko na nani. Ukiwa unaendesha, nasema simama kando, nitakupigia baada ya dakika tano. Akiuliza waziwazi "amefariki?" simwambii uongo, hata kwa simu.

MamaWawili
Mimi nimekwama kwa mtoto. Naye alizikwa pamoja na mama yake? Hujasema.

NesiWaUsiku
Hapana dada, mtoto alikuwa hai, nilisema alilia papo hapo. Muda wote huo alikuwa kifuani kwa bibi yake. Nilipokuwa nimepiga magoti aliamka akaanza kutafuta ziwa kwenye buibui.

MamaWawili
Ooh samahani, nilisoma mbiombio. Basi imekuwa mbaya zaidi.

DukaLaDawa
Nijibu la friji, kila mtu amelikimbia.

Oksitosini hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Joto huila taratibu, haiharibiki kwa siku moja kama maziwa. Friji iliyokatika umeme asubuhi hadi usiku, mlango ukiwa umefungwa, hupanda joto, ndiyo, lakini kwa siku hiyo moja nguvu itakayopotea ni ndogo. Mimi ningetilia shaka zaidi safari yake kabla haijafika kwako: imekaa wiki ngapi stoo ya mabati, imebebwa kwenye buti ya gari mchana kutwa. Na hilo huwezi kulijua kwa kutazama, chupa mbovu na nzima ziko rangi moja. Dalili pekee ni mji usiokaza, nao hukataa kukaza hata kwa dawa safi, hasa kama ni mimba ya nne au ya tano.

Siku hizi kuna kabetosini isiyotaka friji. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2018. Lakini ile ni ya kuzuia damu, ikishaanza kutoka bado unarudi kwa oksitosini na wenzake.

Kwa hivyo ulipomjibu "haikumkubali" hukudanganya. Hukujua.

NesiWaUsiku
Asante. Ila nilijua umeme ulikatika. Hilo nililijua.

Wakili_wa_Mtaani
Nakubali nilikosea kwa lile la kwanza. Kwa hili sikubali. Kumwambia mfiwa "labda dawa ilikuwa mbovu" bila ushahidi ni kumpa mtu wa kumchukia, na mtu huyo ungekuwa wewe na mlinzi, usiku, hakuna polisi.

Mkunga_Mstaafu
Mimi nasema usiku ule hapana, kwa sababu tofauti na ya Wakili. Saa ya kwanza mtu hawezi kubeba zaidi ya jambo moja. Alipouliza, mimi ningesema: "Tulimpa dawa na damu haikusimama. Kwa nini, bado sijui. Kifo cha mzazi huripotiwa ndani ya saa 24, na ndani ya siku saba watu hukaa kukijadili. Nitakuambia kilichopatikana." Kisha, na hapa ndipo wengi wetu tulianguka, ukamwambie kweli.

Kilijadiliwa?

NesiWaUsiku
Kilijadiliwa. Niliisema ile friji, ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Hakuna aliyetumwa kwa familia.

Kijana_wa_Githurai
Kwa hivyo mpaka leo hawajui?

NesiWaUsiku
Ndicho kipande cha mwisho. Sikutaka kukiandika, lakini mmeniuliza vizuri.

Walimzika siku ile ile baada ya adhuhuri. Arobaini ilipopita, mume alikuja kituoni asubuhi natoka zamu. Alikuja kurudisha shuka la kituo, lile walilomsitiria. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa nne nne kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwambia hakukuwa na haja. Akasema ni la watu.

Safari hii nilileta viti viwili, tukakaa chini ya mwarobaini. Akasema, "Sista, siku ile uliposema ametangulia, nilifurahi sana." Sikujibu. Akasema, "Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeshafika naye hospitali, kichwani. Nimeshamwona kitandani."

Sikuelewa ananishukuru au ananishtaki, na sijaelewa hadi leo.

Nikamwambia habari za umeme. Nilimwambia ulikatika lini, ulirudi lini, na kwamba hakuna anayeweza kujua kama ndiyo sababu. Alisikiliza huku akichora chini kwa kijiti. Nilingoja kelele.

BinMvita
Akasemaje?

NesiWaUsiku
Aliuliza friji sasa inafanya kazi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama maziwa ya kopo ya mtoto lazima yawekwe kwenye friji, maana kwao hawana. Nikamwambia kopo halihitaji, afunge kifuniko vizuri tu, ila yakishakorogwa yasikae zaidi ya saa mbili, yakibaki amwage. Akaniomba nimwandikie. Sikuwa na karatasi, nikamwandikia nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.